Sahani Iliyoharibikia Motoni

Kijiti, mvulana mwembamba wa darasa la saba, aliomba mwenyewe achimbe msingi wa chumba cha bibi yake. Magoti ya bibi yalikuwa yamechoshwa na ngazi za kwa shangazi, na baba, fundi mwashi, alitaka mama yake aishi nao, katika chumba cha uani.

Mtaro ulipofika magotini, udongo wa kahawia uliisha, ukaanza mweusi wa majivu wenye mabonge mekundu yaliyoungua. Hapo sururu ikagonga kigae cha kijani, kinachong'aa kama kioo. Kijiti alikigeuza-geuza. Vikombe vya mama vikivunjika, mvunjiko huwa mkavu. Hiki kilikuwa kimefunikwa kijani mpaka kwenye mvunjiko. Alichomeka kijiti kuweka alama pale kigae kilipotoka, akitumaini kupata nusu yake nyingine, kisha akampelekea baba. Baba naye hakukielewa, akapiga simu makumbusho.

Akaja mama mmoja mtaalamu, akapiga magoti mtaroni bila kujali sketi. Alitaka kwanza kuonyeshwa mahali kilipolala. Alipokiona kile kijiti alitabasamu, akaparua ukuta wa mtaro kwa mwiko mpaka tabaka zikaonekana wazi, akazipima, akazichora. Kisha akamweleza Kijiti kwamba ile rangi ya kijani ni unga wa mawe uliokorogwa na maji, ukapakwa kwenye chombo, ukayeyuka motoni na kuwa kioo.

"Kikivunjikia mezani, mvunjiko haupati kioo," alisema. "Hiki kilipasuka kioo kikiwa bado kinatiririka."

Mgongoni mwa kigae kilikuwa kimeganda kipande cha sahani nyingine. Vyombo vilivyoharibika namna hiyo hakuna anayevibeba mbali. Hutupwa karibu na tanuri la mfinyanzi aliyevichoma. Lakini kigae kimoja kingeweza kuja na kifusi, kwa hiyo mtaalamu akatafuta zaidi. Katika tabaka lile lile la majivu, ambalo halikuwa limevurugwa, wakapata sahani zilizopinda na kushikamana, kisha ukuta wa udongo uliogeuka mwekundu kwa joto. Tanuri lilikuwa chini ya chumba cha bibi.

Kazi ikasimama. Kijiti alijikunyata jikoni, hali chakula.

"Ningenyamaza tu, bibi. Sasa huna pa kulala."

Bibi, aliyekuwa amekuja kuona ujenzi, alimvuta karibu. "Mjukuu wangu, chumba kinahama. Tanuri litahamia wapi?"

Na kweli kilihama. Upande wa jikoni walichimba shimo la majaribio, wakakuta udongo mtupu hadi chini, na mtaalamu akawaruhusu kujenga. Chumba kikawa kidogo kuliko kilivyopangwa, lakini bibi alisema amependa kusikia vyombo vikioshwa.

Jioni moja Kijiti alimuuliza bibi jinsi mfinyanzi wa zamani alivyojisikia alipofungua tanuri na kukuta sahani zimeshikana.

"Nadhani alikaa chini kidogo," bibi alisema. "Kisha akakanda udongo mwingine."

Kijiti akasogea kitandani kwa bibi, akaegemea bega lake.