Sentimita Thelathini, Upande Gani?

Ninafundisha fizikia katika shule moja ya upili mjini Ruiru, na mwaka ule shule kadhaa za kutoka Ruiru hadi Thika zilipoamua kuwafanyisha watahiniwa wa kidato cha nne mtihani mmoja wa majaribio, nilichaguliwa kuwa mkaguzi wa karatasi ya fizikia. Kazi ya mkaguzi ni kusoma maswali na mwongozo wa kusahihisha kabla ya mtihani kuchapishwa, kutafuta makosa, kisha kutia sahihi kwamba hakuna. Kutia sahihi nilikuwa hodari sana.

Mtungaji wa karatasi alikuwa mwalimu mzee wa Thika, mtu aliyefundisha fizikia tangu mimi nikiwa sijajua kwamba mwanga hupinda unapoingia kwenye kioo. Ndiye pia aliyekuwa msimamizi wa usahihishaji. Tulimheshimu wote, na kwa kuwa tulimheshimu, hakuna aliyewahi kukagua kazi yake kwa makini. Ndiyo maana ya heshima katika taaluma yetu.

Swali la kumi na mbili lilikuwa la lenzi. Kifaa chenye urefu wa sentimita mbili kimesimama mbele ya lenzi iliyovimba katikati, sentimita kumi kutoka kwenye lenzi. Umbali wa fokasi ni sentimita kumi na tano. Chora miale kwa vipimo kwenye karatasi ya grafu, uonyeshe taswira iko wapi, kisha ueleze sifa zake. Alama tano. Mwongozo ulisema: taswira iko sentimita thelathini kutoka kwenye lenzi, upande wa pili, ni halisi, imepinduka, inalingana na kifaa. Mchoro haukuwekwa, kwa sababu kila mwalimu anajua kuchora.

Nilikaa mezani nyumbani, nikapiga hesabu ya haraka pembeni mwa karatasi, nikapata thelathini. Kulikuwa na alama ndogo ya kutoa mbele yake, lakini ni nani anayejali kijistari kama hicho Jumapili mchana, chai ikiwa tayari? Thelathini yangu, thelathini ya mzee. Nikatia sahihi.

Wiki chache baadaye tulikusanyika kwenye bwalo la chakula la shule moja ya Thika, walimu kumi na sita kwenye meza ndefu zilizokuwa bado zinanuka githeri ya jana. Mimi nilipewa swali la kumi na mbili. Kila mtahiniwa wa shule zote, lenzi yake ilikuwa ipite mikononi mwangu.

Nilisahihisha kwa kasi ya kupendeza. Wengi walikuwa wameweka taswira upande wa pili, sentimita thelathini, kichwa chini, kama tulivyotaka. Jinsi walivyoifikisha huko ilikuwa ajabu. Mwale mmoja ulifika katikati ya lenzi ukakata kona kama bodaboda anayekwepa polisi. Mwingine ulipita kwenye fokasi, ukaona hauelekei kokote, ukageuka tena wenyewe hewani. Mtahiniwa mmoja alichora miale ikiachana kabisa, kisha akaweka taswira mahali isipofika, akaandika pembeni "hapa". Nikampa alama tano. Jibu lilikuwa sawa na la mwongozo.

Wale walioweka taswira upande uleule wa kifaa niliwapa sufuri. Walikuwa wachache, na nilisikitika kidogo kwa niaba ya walimu wao.

Kisha nikafikia karatasi moja iliyonisimamisha. Penseli ilikuwa imechongwa vizuri, mistari myembamba, mishale kwenye kila mwale. Mwale wa kwanza ulitoka kwenye ncha ya kifaa, ukaenda sambamba na mstari mkuu mpaka kwenye lenzi, ukapinda na kupita kwenye fokasi ya upande wa pili. Mwale wa pili ulipita katikati ya lenzi bila kupinda. Baada ya lenzi miale hiyo miwili ilikuwa ikiachana, kwa hiyo mwenye karatasi alikuwa ameirudisha nyuma kwa mistari ya vitone, mpaka ikakutana upande wa kifaa. Hapo akachora taswira, nayo kwa vitone: imesimama wima, ndefu mara tatu ya kifaa. Akaandika: sentimita thelathini, upande wa kifaa, si halisi.

Kazi safi kama hiyo huwezi kuipa sufuri hivihivi. Nilitaka angalau nimwonyeshe alipokosea, nikachukua rula na karatasi ya grafu nikachora mwenyewe. Sentimita moja kwa kila tano za upana: kifaa kwenye mbili, fokasi kwenye tatu. Nikachora mwale wa kwanza, nikachora wa pili. Ikaachana. Nikafuta, nikachora tena kwa uangalifu zaidi, nikitarajia mwanga utakuwa umebadilisha mawazo. Ikaachana tena. Nikarudisha nyuma kwa vitone, na vitone vikakutana palepale alipoweka yule mtahiniwa.

Joto likanipanda mpaka masikioni. Kile kijistari cha kutoa nilichokipuuza siku ile ya chai kilikuwa kikisema jambo moja tu: taswira haiko upande wa pili. Kifaa kilikuwa karibu na lenzi kuliko fokasi. Hata wanafunzi wangu wa kidato cha pili hujua kwamba kioo cha kukuza huwekwa karibu na kitu.

Nilikwenda mbele, kwenye meza ya msimamizi. Alikuwa akisoma orodha ya shule, miwani yake ikiwa imeshuka mpaka ncha ya pua.

"Mzee, kuna shida kwa namba kumi na mbili."

"Shida gani, Madam?"

"Mwongozo umekosea. Taswira iko upande wa kifaa."

Hakuinua kichwa. "Hiyo mwongozo ilikaguliwa."

"Najua."

"Na nani?"

"Na mimi," nikasema.

Hapo akainua kichwa, akanitazama juu ya miwani kwa huruma nyingi. "Basi Madam, unagombana na sahihi yako. Rudi ukae. Tumeshamaliza nusu."

Walimu wa meza ya karibu walikuwa wameacha kuandika. Mwalimu mmoja kijana, wa shule ndogo ya kutwa kule Theta, akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye pia alikuwa ameshangaa, lakini alidhani labda lenzi za Thika ni tofauti. Kuna waliocheka. Msimamizi hakuwa miongoni mwao.

"Mwaka jana tuliuliza hii swali," akasema. "Jibu lilikuwa thelathini. Hakuna mtu alilalamika."

"Mwaka jana kifaa kilikuwa sentimita ngapi kutoka kwa lenzi?"

Akafungua faili, akapekua bila haraka, akapata karatasi ya zamani. Kifaa kilikuwa sentimita thelathini. Kikiwa mara mbili ya umbali wa fokasi, taswira hutua thelathini upande wa pili, imepinduka, inalingana na kifaa. Jibu sahihi kabisa, la swali lingine. Alikuwa amebadilisha thelathini ikawa kumi ili wanafunzi waliokariri karatasi ya zamani wasifaidike. Jibu hakuligusa. Matokeo yake, waliokariri karatasi ya zamani ndio tuliokuwa tukiwagawia alama tano tangu asubuhi.

"Lakini hesabu bado inaleta thelathini," akasema, sasa kwa sauti ya mtu anayetafuta mahali pa kushika.

"Ndiyo. Na alama ya kutoa mbele."

"Hiyo ni alama tu."

"Mzee, hiyo miwani ni ya kusomea, si ndiyo?"

"Ndiyo. Kwani?"

"Naomba uivue. Ishike juu ya hiyo orodha, karibu na karatasi, halafu uangalie herufi kupitia kwa kioo."

Nilidhani atanifukuza bwaloni. Nadhani naye alidhani hivyo. Lakini alikuwa mwalimu wa fizikia miaka mingi mno kukataa jaribio, akaivua, akaishika, akainama.

"Herufi ziko wima ama zimepinduka?"

"Wima."

"Zimekuwa kubwa?"

"Zimekuwa kubwa."

"Na unaziona ukiangalia wapi? Nyuma yako?"

Aliinua miwani kidogo, akaishusha, akaiinua tena, kama mtoto aliyepewa lenzi kwa mara ya kwanza. Herufi zilikuwa hukohuko upande wa karatasi, wala hakuna ambayo ingekubali kutua ukutani kama taswira halisi.

"Haiya," akasema mwishowe. Akavaa miwani. "Nimeharibu."

Sikuwa nimetarajia. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi wa saa nzima, nina hata mchoro mkononi. Mtu anapokubali kosa ghafla hivyo, ukali wote uliokuja nao unabaki umekushikilia tu.

"Tumeharibu," nikasema. "Mimi ndiye niliyetia sahihi."

Akasimama, akawaambia walimu kwamba mwongozo wa swali la kumi na mbili umefutwa, kosa ni lake, na karatasi zote zirudiwe. Wenzangu walinitazama kwa upendo ule unaompata mtu aliyewachelewesha kurudi nyumbani Jumamosi. Chakula cha mchana kilipoa. Kwa kuwa swali lilikuwa langu, karatasi zilikuwa zangu, ila msimamizi alivuta kiti akakaa kando yangu, akachukua nusu ya rundo bila kuniuliza. Tulisahihisha pamoja hadi alasiri. Kila alipokuta mwale uliopindishwa kwa nguvu upande wa pili aliguna, akaandika sufuri polepole, kana kwamba anajiandikia mwenyewe.

Ile karatasi ya vitone nikaipa tano. Namba ya shule ilikuwa ya Theta. Nilipomwonyesha yule mwalimu kijana, alisema ni msichana ambaye humsumbua darasani kwa kutaka kila kitu kichorwe mara mbili, na kwamba shule yao ina lenzi moja tu, nayo imepasuka pembeni.

Shule yangu ina lenzi ishirini na nne, zimefungiwa kabatini zisivunjike. Matokeo yalipotoka, wanafunzi wangu walikuwa wameporomoka kwenye swali la kumi na mbili kuliko karibu shule zote. Miale yao ilikuwa imekata kona kwa nidhamu, wote kwa mtindo mmoja, kwa sababu niliwafundisha jibu la mwaka jana ubaoni kana kwamba lenzi haina jibu jingine, nao wakalinakili. Mwalimu mkuu akaniita ofisini.

"Madam, nasikia tungekuwa na alama nzuri, wewe ndiye ukazikataa?"

"Zilikuwa za uongo."

"Zilikuwa zetu," akasema, akashusha pumzi, akaniambia niende darasani.

Nikachukua ufunguo wa kabati. Wanafunzi walishika lenzi kwa woga mara ya kwanza, kama vyombo vya wageni. Niliwaambia wasimame mbali na dirisha, waweke karatasi nyeupe nyuma ya lenzi na kuisogeza. Mti wa nje, bendera na ukuta wa jirani vikatua kwenye karatasi, vidogo, kichwa chini, na darasa likapiga kelele ambayo sijawahi kuisababisha kwa chaki. Kisha nikawaambia waweke lenzi juu ya daftari, karibu, watafute taswira kwa karatasi ileile. Wakaisogeza juu na chini. Hakuna kilichotua.

"Madam, imepotea," akasema msichana wa kiti cha mbele.

"Angalia kupitia kwa lenzi."

Akainama. "Ni kubwa. Na imesimama." Akafikiri kidogo. "Sasa ile ulituchorea ubaoni ilikuwa ya nini?"

Darasa likasubiri. Ningeweza kumtaja mtungaji, au karatasi ya mwaka jana.

"Nilikosea," nikasema. "Chukua rula, tuchore upya."