Zahanati Haifunguliwi Jumapili

Jumatatu alituma taarifa, Jumanne kimya, Jumatano asubuhi Katibu akavaa viatu akaenda mwenyewe gazetini. Zahanati ingefunguliwa Jumamosi. Kama watu wasingeambiwa kabla ya hapo, vitanda vitatu na mizani mpya ya watoto vingekaa kutazamana na ukuta.

Katibu hakuwa na cheo kikubwa kama jina lake. Chama chao, chenye zahanati hiyo, kilikuwa na watu tisa na chumba kimoja nyuma ya duka la fundi cherehani. Yeye alikuwa ameishia kidato cha nne, ana mwandiko mzuri, basi wakamkabidhi kalamu. Tangu mdogo wake atangulie mbele za haki, miezi minane sasa, alikuwa anafanya kila kitu kama mtu anayevuka mto akiwa na mtungi kichwani: hatazami pembeni.

Mhariri wa habari alimkaribisha bila kuinuka. Alikuwa mwanamke mwenye miwani juu ya nywele na chai iliyokwisha kupoa.

"Hii yako niliiona, dada," alisema, akaizungusha kompyuta. "Nisomee hapa sentensi ya kwanza. Kwa sauti."

Katibu akasoma. Mgeni rasmi, kisha msaidizi wa mgeni rasmi, kisha Mwenyekiti wa chama "ambaye pia ni mwalimu mkuu mstaafu", kisha wengine wanane, wote kwa vyeo vyao na kwa mpangilio wa viti watakavyokalia. Pumzi ilimwishia kabla ya nukta.

"Zahanati iko wapi hapo?"

"Aya ya nne."

"Mimi nilifika ya pili, nikafa." Mhariri alicheka, halafu akaiona nguo nyeusi ya mgeni wake, akaacha. "Nisamehe. Sikiliza. Tuna barua kama hizi arobaini kwa siku na watu wawili wa kuzisoma. Sentensi ya kwanza iniambie nini kinafunguliwa, wapi, lini, na kitamsaidia nani. Ya pili, kile ambacho msomaji lazima akijue ili akitumie. Halafu maneno ya mtu mmoja anayefanya kazi pale, siyo hotuba. Wageni weka chini kabisa."

"Chini? Kwa nini?"

"Kwa sababu nafasi ikiwa ndogo nakata kutoka chini kwenda juu. Nikikata, kilichobaki kisimame chenyewe. Na usinitumie picha ya karatasi yenye mhuri; nani ataichapa upya? Andika ndani ya barua pepe yenyewe. Weka simu ya mtu atakayepokea. Nikiipata kesho kabla ya saa nne, kikao cha habari kitaiona, Ijumaa inaweza kutoka."

"Inaweza?"

"Inaweza, dada. Siuzi uhakika hapa."

Akarudi ofisini kwa miguu. Cherehani ya jirani ilikuwa inakimbia, inasimama, inakimbia. Akaandika sentensi ya kwanza mara sita. Ilipokaa sawa, akampigia mkunga aliyeajiriwa na chama, ahakikishe mambo. Maana ile ya Jumatatu ilisema "huduma kila siku", na maneno hayo yalitoka kwa Mwenyekiti, hayakutoka kwa mkunga.

"Kila siku?" mkunga alishangaa. "Da' Katibu, mko watu wangapi huko mnaonipangia? Niko peke yangu na muuguzi mmoja. Jumatatu hadi Jumamosi, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni. Jumapili kufuli."

Katibu aliweka simu mezani akaitazama.

Mdogo wake alianza kutokwa damu Jumapili, watu wakitoka kwenye ibada. Mimba ilikuwa ya miezi saba. Walimpeleka kwenye kituo kilichokuwa karibu, kilichoandikwa mlangoni kwa rangi ya bluu, HUDUMA KILA SIKU. Mlango ulikuwa na kufuli. Waligonga, wakazunguka nyuma, wakaita. Walipokata tamaa na kuelekea hospitali kuu, saa nzima ilikuwa imepita. Mungu hakosei, watu walimwambia hivyo msibani, naye aliitikia amina. Lakini ile rangi ya bluu hakuipaka Mungu.

Akaandika sentensi ya pili: *Zahanati haitafunguliwa Jumapili; siku hiyo mjamzito mwenye dharura aende moja kwa moja hospitali kuu.* Chini yake akaweka maneno ya mkunga, aliyosomewa kwa simu na kuyakubali: "Mama asisubiri maumivu yazidi. Aje mapema, hata kama ni kuuliza tu."

Mwenyekiti alikuja saa tisa. Alisoma karatasi akiishika mbali na macho, kama alivyozoea kusoma madaftari ya wanafunzi wabaya.

"Mwanangu, tunafungua zahanati au tunaifunga? Mtu anaalika harusi anasema chakula hakitoshi?"

"Kama hakitoshi, Mwenyekiti, aseme. Watu wakale kwao."

"Jumapili tutaajiri mbele ya safari."

"Tukiajiri, nitaandika nyingine."

Mzee akashusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amezunguka miaka mitatu na barua mkononi kuiomba zahanati ile, na magoti yake yalikuwa yamekwisha. "Haya, yaache. Lakini yashushe mwisho, baada ya wageni. Itifaki ni itifaki."

Kabla ya asubuhi ile angekubali, maana mwisho napo ni mahali. Sasa alijua.

"Mwisho ndiko mkasi unakoanzia, mzee wangu. Ukiyaweka huko, watakata. Wageni watabaki, na atakuja mtu Jumapili."

"Na wageni wakikatwa? Mimi nikikatwa?"

"Utakatwa."

Fundi wa jirani alikuwa amesimamisha cherehani, huenda anasikiliza.

"Yule mdogo wako," Mwenyekiti alisema polepole, "alikuta pamefungwa?"

Katibu hakuwahi kumwambia. Aliitikia kwa kichwa.

Mzee alikaa kwenye kiti cha plastiki, akavua kofia, akaivaa tena. "Ipeleke hivyo. Mgeni rasmi akinuna, nitamwambia katibu wangu ni mkaidi."

Alhamisi saa mbili na nusu taarifa ikaondoka. Saa tano mhariri akapiga: hii Jumapili ni kweli? Dharura waende hospitali kuu, mna hakika kwamba inapokea siku hiyo? Katibu alikuwa amewapigia hospitali. Ndiyo, saa zote. Mhariri akashukuru, akakata.

Ijumaa ilitoka, ukurasa wa saba, chini ya tangazo la mabati. Sentensi nne. Ya pili ilikuwa ile ya Jumapili. Mwenyekiti hakuwemo, wageni kumi hawakuwemo, na jina la chama lilikuwa limekosewa herufi. Katibu akalinunua gazeti, akalipeleka kwa mama yake, akamsomea habari yote, haikuchukua dakika.

Mama alikuwa anapepeta mchele. Hakuuacha ungo.

"Rudia hapo pa Jumapili."

Akarudia.

"Vizuri," mama alisema. Akatoa jiwe, akalitupa. "Sasa mimi sijui kusoma. Na wenzangu wa mtaa huu hawajui. Redioni mmepeleka?"

Hawakupeleka. Hakuna aliyefikiria. Katibu alitazama saa ya ukutani: saa sita na robo, na taarifa ya mchana husomwa saa saba.

"Nipe maji kwanza, mama," alisema.

Akanywa amesimama, akalikunja gazeti, akatoka.