Ha ya Shemeji

Mwaka tuliohamia kijijini, kule upande wa Sepuka, msikiti wetu ulikuwa wa miti na nyasi. Mwaka uliofuata tulifyatua matofali, tukachoma tanuri mbili, na kila kaya ikatoa watu wa kujenga, hata wale wasiosali. Lazima niseme hivyo, kwa sababu fundi aliyenyoosha ukuta wa kibla alikuwa Mkristo na hakuomba hata soda. Bati zilipokwisha kupigwa tukapanga ufunguzi uwe Ijumaa, na wageni waje kutoka mjini Singida.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ndiye aliyepewa kazi ya kutunga kasida ya siku hiyo. Yeye ni Mnyiramba, alikuja kwetu mwishomwisho akitoka Itigi, alikokuwa akipakia mizigo kwenye mabehewa. Kabla ya hapo alisoma kidogo chuoni Tabora. Shamba lilimshinda, ng'ombe hakuwa nao, na watu walikuwa wameanza kumwita mpangaji. Kwa hiyo kasida ile aliishika kwa mikono miwili. Alimwambia kila mtu kisimani kwamba Ijumaa watasikia Kiarabu kilichotungwa hapahapa kwetu, si cha kuazima.

Mimi kamati ilinipa kazi ya kuikagua. Sijui kwa nini walinichagua. Shule nilifika darasa la nne, na Kiarabu changu ni kile nilichookota kwa mwalimu wangu wa Mwankoko nilipokuwa nikikaa mjini kwa mjomba. Labda walinichagua kwa sababu naandika andika mambo yangu kila jioni, wakadhani mwenye kalamu anajua kila kitu.

Jumanne mchana shemeji alikuja na karatasi yake, akakaa kwenye kinu kilicholazwa, akanisomea. Kasida ilikuwa ya kukisifu kijiji chetu. Kwa Kiarabu kijiji huhesabiwa kama mwanamke, na "wake" au "yake" ya kijiji husemwa kwa "ha" mwishoni mwa neno. Basi kila ubeti wa shemeji uliishia kwa ha. *Banaha*, aliyekijenga. *Raaha*, aliyekitunza. *Ataha*, aliyekijia. *Ahluha*, watu wake. *Nuruha*, nuru yake. *Babuha*, mlango wake.

Mke wangu alikuwa akipepeta uwele pembeni. Akacheka. "Kaka, babu naye kaingia humo? Babu ha?"

"Ni mlango, dada. Kiarabu hicho."

"Mimi nimesikia babu."

Mimi sikucheka, maana kitu kilikuwa kikinikwaruza sikioni. Nikamwambia, "Shemeji, hii ina kasoro. Vina havilingani."

"Havilingani vipi? Ha, ha, ha mpaka chini. Wewe Mnyaturu masikio yako yamejaa vumbi."

"Mwalimu wangu alinifundisha kwamba ha ya namna hii haihesabiwi. Unaivua, unatazama herufi iliyo nyuma yake. Hiyo ndiyo rawi, herufi ya kina, na kasida nzima huishika hiyohiyo moja. Sasa vua ha zako. Hapa unabaki na lamu, hapa ra, hapa ba, hapa nuni. Kila ubeti na lake."

Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua, ingawa nilikuwa na mashaka. Yeye alikunja karatasi polepole.

"Tabora niliimba kasida iliyoishia kwa ha, na nyuma yake kila ubeti ulikuwa na herufi tofauti. Niliimba mwenyewe, kwa mdomo wangu huu. Sheikh alikuwa amekaa mbele, hakusema neno."

"Labda alikuwa amesinzia."

"Mnyiramba hasinziwi akiimba."

Tulibishana mpaka uwele ukaisha kupepetwa. Nimejaribu baadaye kuona nani alikuwa mkali zaidi, na naona tulikuwa sawasawa. Yeye alitegemea alichokiimba, mimi nilitegemea nilichoambiwa. Na ukimfikiria kwa haki, kosa lake lilikuwa na asili nzuri. Alikulia kwenye mashairi ya Kiswahili. Kwenye shairi letu kina ni silabi ya mwisho, basi: *raha*, *siha*, *furaha*, hakuna atakayekuuliza nyuma ya ha kuna nini. Tena ubeti ukiisha unaweza kubadili vina, ukaanza vingine.

Mwisho alisema neno moja lililonifanya niache mzaha. "Shemeji, wageni wa mjini watakuwamo wanaojua. Kama ni mbovu, niambie nisisimame. Lakini nisiposimama, kijiji hiki sina tena la kuwaonyesha."

Nikamwambia twende tukamuulize mwalimu wangu. Asubuhi yake nikaazima baiskeli ya katibu, tukaenda Mwankoko, tukipokezana kukanyaga, mmoja juu ya keria.

Mwalimu wangu tulimkuta uani akifunga magunia ya mtama juu ya punda. Tulimsalimu shikamoo, akaitikia marahaba bila kuachia kamba, na ncha yake moja akamkabidhi shemeji aishike. Nikaeleza ugomvi wetu. Nilijitahidi kuueleza upande wa shemeji kwanza, nisije nikajipendelea.

"Nisomee," mwalimu akamwambia shemeji.

Shemeji akasoma huku ameshika kamba. Mwalimu alifumba macho. Shemeji alipofika mwisho, mwalimu akasema, "Nyote wawili mko sawa, na nyote wawili mmekosea. Vuta hiyo kamba, punda anaondoka."

Tulipomaliza kufunga, akatukalisha kwenye mkeka na kutuletea maziwa ya mgando. Akachora kwa kijiti mchangani, *babuha*.

"Kuitafuta rawi, unaanzia mwisho unarudi nyuma. Hii alifu ya mwisho ni ya kuvuta sauti tu, ivue. Sasa umefika kwenye ha. Hii ha ni 'yake', si ya asili ya neno. Usiivue kwa pupa. Tazama kwanza iliyo nyuma yake. Ina irabu, au imetulia?"

"Ina irabu," nikasema. "Ni *bu*."

"Basi ha imeegemea. Ivue nayo. Rawi ni ba." Akafuta, akachora *banaha*. "Na hapa?"

Shemeji akainama. "Alifu ya mwisho naivua. Nyuma ya ha kuna..." Akaifuata kwa kidole mchangani. "Kuna alifu nyingine. Hiyo haina irabu. Imetulia."

"Basi?"

"Basi ha haina wa kumwegemea."

"Imesimama kwa miguu yake," mwalimu akasema. "Hapo ha ndiyo rawi yenyewe. *Banaha*, *raaha*, *ataha*: nuni, ayni na ta zilizo huko nyuma hazihusiki. Hiyo ndiyo kasida uliyoimba Tabora. Sheikh wako hakuwa amesinzia."

Shemeji alinitazama. Nilijua nitaisikia hiyo ha kwa miaka mingi, na ni kweli. Nusu ya kanuni yangu ilikuwa imepotea njiani kati ya Mwankoko na Sepuka, na nilikuwa nimeihukumu kasida nzima kwa nusu iliyobaki.

"Lakini," mwalimu akaendelea, "ubeti wako wa kwanza umefungua kwa *banaha*. Umewaahidi watu ha iliyosimama, na alifu nyuma yake. Halafu unawaletea *babuha* na *ahluha*. Hapo shemeji yako alisikia vizuri, na sikio lake nalishukuru."

Nikauliza lililonisumbua tangu zamani. "Mwalimu, kwa nini herufi isibadilike? Mashairi yetu yanabadili, na bado ni matamu."

Akaonyesha punda. "Wazee wa lugha wanasema jina hilo la rawi lina undugu na kamba ya kufungia mzigo mgongoni mwa ngamia. Sisi tuna punda, kamba ni ileile. Shairi lenu lina mafundo madogo madogo, kila ubeti fundo lake, ni namna nyingine ya kufunga. Kasida ni mzigo mmoja. Kila ubeti ni gunia linalojitosheleza, lina maana yake, unaweza kulichukua peke yake. Kinachozifanya beti ziwe kitu kimoja ni ile herufi inayopita kote. Ndiyo maana kasida huitwa kwa jina la rawi yake. Wanasema ile ya mimu, ile ya lamu. Ukikata kamba katikati ukaunga nyingine, magunia yatakuwa barabarani. Na msikilizaji akishasikia beti mbili, sikio lake linatangulia kwenye herufi na kukungoja. Usimwache mtu anangoja mlangoni."

Shemeji alitoa karatasi. Tulifanya kazi mpaka adhuhuri. *Nuruha* ikawa *sanaha*, mng'aro wake, lakini mizani yake si moja, ikabidi neno la kabla lisogezwe na lingine litolewe. *Shababuha*, vijana wake, ikawa *fataha*, kijana wake. Penye *ahluha* tulikwama. Mimi ndiye niliyetamka *quraha*, vijiji vyake, nikaomba radhi hapohapo nikidhani nimekosea. Mwalimu akasema ubeti huo uisifu nchi yetu yote badala ya kijiji kimoja, ndipo neno litakaa. Shemeji akanipiga begani. "Mnyaturu, leo umeamka."

Mlango tu ndio ulioshindikana. Kila tulichojaribu kilianguka. Shemeji aliupenda ubeti ule, alisema ndio ulioanza kumjia kichwani. Akautazama, kisha akaupiga mstari.

"Babu abaki nyumbani," akasema.

Ijumaa watu walijaa mpaka nje, wanawake chini ya turubai, na mafundi waliojenga wakapewa mkeka wa mbele. Baada ya sala shemeji alisimama. Aliikunjua karatasi yake, akaisogeza karibu na macho. Alisoma ubeti wa kwanza, *banaha*. Wa pili, *raaha*. Masheikh wa mjini walikuwa wametulia tu, nyuso hazisemi kitu.

Ubeti wa tatu ulipokaribia mwisho, mmoja wao, mzee mwenye kanzu ya rangi ya maziwa, alianza kutikisa kichwa taratibu. Wa nne, midomo yake ilifika kwenye neno pamoja na shemeji. Kwenye ubeti wa *sanaha* alilisema kabla yake, kwa sauti, naye hajawahi kuisikia kasida ile. Wenzake wakacheka kwa furaha. Shemeji akainua macho kutoka kwenye karatasi, na kuanzia hapo hakuisoma tena, aliimba.

Basi watu wetu, ambao wengi hata alifu hawaijui, walishika mchezo. Kila mwisho wa ubeti walimpokea, "aaha", wanaume ndani, wanawake nje, na fundi wa ukuta wa kibla kwenye mkeka wake akiwa na sauti kubwa kuliko wote. Sijui kama ni adabu kuipokea kasida namna hiyo. Niliwatazama masheikh nione kama wamechukia, na sikuona.

Kasida ilikuwa fupi baada ya makato yetu, ikaisha watu bado wamevuta pumzi ya kupokea. Yule mzee akamwita shemeji akae karibu naye. Akamuuliza ametoka wapi.

"Hapahapa," shemeji akasema. "Mimi ni wa kijiji hiki."

"Basi rudia," mzee akasema, "tangu mwanzo."