Blanketi la Mjukuu wa Tukuyu

Mimi nauza nyuzi za kufumia pale Bondeni, Kyela mjini, mwaka wa kumi na moja sasa, na sijawahi kufuma hata soksi. Nalisema mwenyewe kabla watu hawajanisemea. Lakini ushauri wa rangi natoa, tena natoa bila kuombwa, na mteja asiyesikia namnunia wiki nzima.

Jirani yangu Tulinagwe ndiye anayefuma. Ni mama mnene, mpole, mjane, ana shamba la mpunga kule Njisi, na sindano zake mbili hazikosi kwenye mkoba hata akienda kanisani. Ukimkuta amekaa, anafuma. Ukimkuta anagombana na mtu, anafuma, halafu anahesabu vitanzi katikati ya matusi ili asikosee. Kyela hii joto letu mnalijua, nani atavaa sweta? Kwa hiyo kazi zake zote hupanda mlima kwenda Tukuyu na Mbeya, kwa watu wa baridi.

Mwaka huu mwezi wa sita binti yake Asifiwe, aliyeolewa Tukuyu, akajifungua mtoto wa kike. Wakampa jina la bibi: Tulinagwe. Siku simu ilipopigwa, mwenzangu alilia mpaka wateja wangu wakadhani kuna msiba. Halafu akanyamaza ghafla, akafuta uso na kanga, akasema, "Mama Sekela, nimekwisha. Itabidi nipeleke blanketi."

"Sasa kipi cha kukwisha hapo? Kufuma si ndiyo kazi yako?"

"Litapokelewa na Mama Lutengano."

Hapo nikamwelewa. Mama Lutengano ndiye mama mkwe wa Asifiwe, jina lake Beatrice. Alifundisha ushonaji na ufumaji shuleni miaka thelathini. Siku ya harusi, mbele ya ukoo mzima, alipindua kitambaa cha meza alichofuma Tulinagwe, akakitazama mgongoni, akakirudisha mezani bila kusema neno. Bila neno hata moja! Angetukana, yangekwisha siku ile ile. Tulinagwe amekaa na kile kimya miaka minne, na sasa alikuwa na wiki tatu za kufuma kitu ambacho yule mama hatakirudisha mezani kimya kimya. Mtoto mwenye jina lake hawezi kufunikwa na kitu cha kuonewa haya.

"Niachie mimi," nikamwambia. Ndiyo, ni mimi niliyesema hivyo.

Nikamtolea dukani madonge ya rangi zote. Nikamwambia, rangi zinazogombana ndizo zinazopendeza. Tazama vitenge: nyekundu na kijani, zambarau na njano, bluu na chungwa, mtu anaonekana tangu stendi. Na kwa kuwa uzi wangu ni mwembamba na Tukuyu mwezi wa saba si mchezo, tukakubaliana afume nyuzi mbili kwa pamoja, moja nyekundu na moja kijani, zipite kwenye sindano kama uzi mmoja. Kisha mstari wa zambarau na njano vivyo hivyo. Kisha bluu na chungwa. Nilijiona profesa.

Alifuma siku kumi. Kila jioni nilikwenda kukagua, nimeinamia kabisa juu ya kazi, pua karibu na sindano, nikaona nyekundu ile pale, kijani ile pale, kila kitanzi kinang'aa. Nikamsifu. Akafurahi. Tukala ndizi.

Lilipoisha, Asifiwe akaomba atumiwe picha. Simu ya mwenzangu ni ya tochi, yangu kioo cha kamera kimepasuka. Tukalipeleka kwa Gwamaka, mpiga picha za pasipoti jirani na soko, atupigie na kutuchapia nakala mbili. Gwamaka akalitundika ukutani, akapiga, akaenda kwenye mashine yake. Akarudi na karatasi, haangalii watu usoni.

"Wino wa rangi umeniishia, mama zangu. Imetoka nyeusi na nyeupe. Ila..."

Ila nini! Kwenye karatasi hapakuwa na mistari. Hapakuwa na kitu. Lilikuwa pande moja la kijivu, mwanzo mpaka mwisho, mtu angeweza kudhani Gwamaka kapiga picha ukuta wake.

Nikamwakia. Nikamwambia mashine yake ni mbovu, na yeye mwenyewe ni mbovu, na kama ni wino aseme tuchange. Gwamaka ni mtu mtaratibu. Alisema tu, "Mama Sekela, vuka barabara usimame pale kwenye duka la pembejeo. Lione kwa macho yako."

Nikavuka kwa hasira zangu. Nikageuka.

Jamani! Rangi zote zilikuwa zimekufa. Nyekundu na kijani zilikuwa zimemezana zikatoa ugoro. Zambarau na njano zimetoa matope. Bluu na chungwa ndiyo usiseme, lile ni tope la majaruba ya mpunga baada ya mafuriko ya mto Songwe, lenye majani yaliyooza ndani. Ukiwa karibu jicho linaona uzi mmoja mmoja. Ukisogea mbali, nyuzi mbili zilizosokotana jicho linazichanganya kama mtu anavyokoroga rangi ya nyumba kwenye ndoo, na mahasimu wawili wakikorogwa pamoja wanauana. Kwenye kitenge kila rangi ina kiwanja chake. Sisi tuliwalaza wagomvi kitanda kimoja.

Tulinagwe naye akavuka. Alitazama muda mrefu. Nilingoja anitukane, nilistahili. Akasema kwa sauti ndogo, "Yule mama angelirudisha hata hili kimya kimya." Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka.

Usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi nilimkuta barazani anafumua. Siku kumi za kazi zinashuka mapajani mwake zikiwa zimejikunja kama tambi. Alikuwa anatenganisha nyuzi mbili mbili, nyekundu huku, kijani kule, na kuzizungushia kwenye viti ili azilowanishe zinyooke. Nikakaa, nikashika upande mmoja. Hakunifukuza.

"Ile picha ya Gwamaka," akasema, "haikuharibika. Ilisema kweli. Kamwite."

Gwamaka akaja na simu yake. Tulinagwe akapanga madonge yote juu ya mkeka, akamwambia apige bila rangi, kama ile ya jana. Tukaitazama picha. Nyekundu na kijani huwezi kuzitofautisha, kijivu kimoja, mapacha! Chungwa limekaa hapo hapo karibu yao. Lakini rangi ya maziwa, waridi na njano vimetoka vyeupe. Ile nyekundu iliyokolea tunayoiita damu ya mzee, zambarau na bluu nzito vimetoka vyeusi. Mwenzangu akaanza kuyahamisha madonge: ya giza kushoto, ya mwanga kulia, ya katikati miguuni pake.

"Nimezoea kutazama jina la rangi," akasema. "Kumbe kwanza nitazame giza lake."

Kisha akaanza kukataa vitu. Kijani nje. Chungwa nje.

"Chungwa nje?" nikaruka. Chungwa ninalo boksi zima halijafunguliwa! "Bila chungwa hilo ni blanketi la hospitali!"

"Mama Sekela," akasema, na ni mara ya kwanza katika miaka yote kumsikia akipandisha sauti bila sindano mkononi, "ulichagua la kwanza. Hili nachagua mimi."

Nikanuna. Lakini nilinuna pale pale barazani, maana nilitaka kuona.

Nyuzi ziliendelea kuwa mbili, baridi ni baridi, ila sasa kila mbili zilitoka ukoo mmoja: bluu nzito na bluu nzito, damu ya mzee na nyekundu kidogo, waridi na maziwa. Kabla ya kuanza mstari alikata vipande viwili vya urefu wa kiganja, akavisokota, akavifunga kwenye komeo la mlango, kisha akavuka njia kwenda kuvitazama kutoka kwa jirani. Kama vimebaki hai anafuma, kama vimefifia anatupa. Alikwenda na kurudi mpaka jirani akauliza kama kuna mtu anamdai. Mistari akaipa upana wa vidole vinne, wa giza, wa mwanga, wa giza, wa mwanga. Na zambarau na njano, ugomvi wangu mimi, aliziweka ubavu kwa ubavu, kila moja kwenye mstari wake. Ziling'aa! "Nilisema," nikasema. "Ulisema wakae chumba kimoja," akajibu. "Mimi nimewapa ujirani."

Alimaliza siku moja kabla ya safari, macho mekundu, vidole vimevimba.

Tukuyu tulifika na mvua nyembamba na ukungu. Nilijipeleka mwenyewe, nikijiambia nimembebea mchele, ila kweli ni kwamba nilikuwa na hatia. Mama Lutengano akatupokea mlangoni, mrefu, amejifunga shali, anatukaribisha kwa heshima zote. Asifiwe alikuwa ndani na mtoto. Salamu zilipoisha, Tulinagwe akalitoa blanketi kwenye mfuko.

Yule mama akalipokea. Akalipindua akashika mgongo wake, vile vile kama siku ya harusi. Akapapasa. Akakaa kimya. Mweee, kile kimya! Nilitamani kusema kitu chochote, hata kuhusu bei ya kakao.

Akainuka, akalipeleka kibarazani kwenye mwanga, nasi tukamfuata, akalitandika kwenye kiti, akarudi nyuma hatua moja, mbili, tano, mpaka mgongo ukagusa ukuta. Akasimama pale.

"Bluu nzito," akasema. "Nyeupe, au maziwa. Kisha... damu ya mzee?"

"Ndiyo, mama," Tulinagwe akajibu.

"Halafu ya mwanga tena." Kidole chake kilikuwa kinahesabu hewani, mstari baada ya mstari. "Naiona. Mama Asifiwe, yote naiona."

Hatukumwelewa. Tukatazamana. Ndipo akarudi, akakaa, akatwambia taratibu, huku akishusha sauti Asifiwe asisikie, kwamba macho yake yana ukungu mwaka wa tano sasa. Hafumi tena. Watu anawajua kwa sauti. Kwenye ile harusi alipewa kitambaa chenye nakshi za rangi nyingi, akakipindua kutafuta walau kazi ya mgongoni kwa vidole, hakuona chochote ila kijivu, akaogopa kusema asije akasifu kisichokuwepo. "Na huyu mtoto," akasema, "tangu azaliwe wanamlaza kwenye shuka za rangi ya godoro. Naogopa kumshika. Sijui anaishia wapi na kitanda kinaanzia wapi."

Tulinagwe aliinuka. Alilichukua blanketi, akaingia ndani, akamfunga mjukuu wake vizuri, akatoka naye na kumweka mikononi mwa yule mama. Mama Lutengano akainamisha kichwa, kidole kikafuata mstari wa giza mpaka ukingoni, pale uso wa mtoto ulipoanzia.

"Ndaga fijo," akashukuru kwa Kinyakyusa, na hakumrudisha mtoto mpaka tulipoaga.