Kadi Mia Nane za Kwamboka

Kwamboka aliolewa na mwanangu akiwa tayari muuguzi. Nalisema hili mapema kwa sababu hapa Manga kuna wanaodai ni sisi tuliomsomesha. Alikuja na cheti chake mwenyewe, akaajiriwa kituo cha afya upande wa kina mama wajawazito, na kwa miaka tisa sijasikia mtu akimlalamikia.

Mwaka jana hospitali moja ya Uingereza ilimwahidi kazi. Sharti lililobaki ni mtihani wa Kiingereza, na katika sehemu ya kusoma apate alama saba kati ya tisa. Mimi niliyefundisha Kiingereza miaka thelathini niliona ni jambo dogo. Sabato moja nikasimama kanisani nikaomba washiriki wamwombee safari. Wakamwombea, wakamletea na masweta ya baridi. Kisha matokeo yakaja: sita na nusu. Akarudia. Sita na nusu tena.

Sasa kila aliyetuona aliuliza, "Bado mko?" Kwamboka akaanza kwenda kazini kupitia katikati ya mashamba ya chai ili asikutane na watu. Hospitali ikaandika kwamba itamngoja hadi mwisho wa Agosti, wala si zaidi. Muda huo ulitosha mtihani mmoja tu.

Mimi nilikuwa nimemwandikia maneno magumu kwenye kadi, mia nane, neno huku na maana kule. Alizikariri akimenya ndizi, akazikariri hata akifua. Lakini kila mtihani ulileta neno la mia nane na moja.

"Mama, hizi kadi haziishi," aliniambia.

"Ongeza bidii."

"Bidii ipi tena, Mama?"

Mwenzake kazini, Valentine, alimwelekeza kwa Ochoki, mwalimu mstaafu wa biolojia anayefundisha wauguzi kwenye chumba juu ya duka la vitambaa la Subhash, mjini Kisii. Sikupenda. Mwalimu wa biolojia amfundishe mkwe wangu Kiingereza? Nikaenda naye, nikakaa nyuma.

Ochoki aliandika ubaoni "dysphagia".

"Hii ni nini, dada?"

"Mgonjwa kumeza kwa shida."

"Na phagocyte?"

"Seli inayokula vijidudu."

"Basi phag ni kula. Ni Kigiriki, na umetembea nacho tangu chuo. Nani alikuambia ukariri?"

Kwamboka alinitazama. Nikafungua mkoba nikatafuta kitu nisichokihitaji.

Lakini wiki zilizofuata mambo yaliharibika. Alikata kila neno aliloliona vipande vipande kama anayepasua kuni. Katika jaribio la saa moja lenye maswali arobaini, kumi na mawili yalibaki matupu. Na alipofika kwenye "bipedal", aliandika kwamba ni mapacha. Ochoki alicheka hadi akatafuta kiti.

"Wewe ni mkunga kweli! Bi ni mbili, sawa. Lakini ped hii ni ya Kilatini, ni mguu. Ya watoto, ile ya pediatrics, ni ya Kigiriki. Sentensi inazungumzia nini?"

"Viumbe wa kale... wanavyotembea."

"Sasa mapacha wametoka wapi?"

"Wodini kwangu, mwalimu."

"Sikia. Soma swali kwanza. Neno lisiloulizwa, liruke. Linaloulizwa, likate, kisha irudishe maana ndani ya sentensi. Isipokaa, amini sentensi, usiamini kisu chako."

Niliyaandika hayo, ingawa sikumwambia. Nyumbani nikawa nashika saa. Nikimwona ameng'ang'ania neno lisilomhusu, nagonga meza.

"Ruka!"

"Mama, unanitisha kama mkaguzi wa shule."

"Ruka, nimesema!"

Alifanyia mtihani Kisumu katikati ya Julai. Nilizunguka uani asubuhi nzima, nikapalilia mboga zilizokwisha kupaliliwa. Jioni alinieleza. Kifungu cha tatu cha kusoma, kile kigumu, kilihusu kasuku wanaokusanyika kwenye ukingo wa mto, na swali likauliza kuhusu "geophagy". Alikuwa hajawahi kuliona. Geo akaitoa kwenye jiografia: ardhi. Phag anaijua. Kula udongo. Akairudisha kwenye sentensi, ikakaa.

"Mama, nusura nicheke mle ndani. Kila kliniki nawakataza wajawazito kula vijiwe vya udongo vya soko la Mosocho. Kumbe vina jina kubwa hivyo!"

"Na maneno mengine?"

"Kulikuwa na moja refu. Liliniuma, lakini halikuulizwa. Nikaliruka." Alimaliza zikiwa zimebaki dakika nne.

Matokeo yalitoka Alhamisi ya mwisho wa Julai akiwa kazini. Akanipigia.

"Saba na nusu."

Nilikuwa nimeshafika mlangoni, kitambaa kichwani, nikielekea kwa mzee wa kanisa.

"Mama? Uko wapi?"

"Nyumbani."

"Usitangaze. Viza bado. Nakuomba."

Viza ilichukua siku kumi na tisa. Sabato tatu niliketi kanisani mkono wangu umeshikwa na Kwamboka, na kila mara mchungaji alipouliza kama kuna mwenye ushuhuda, aliubana.