Kulipekua Gari la Mkwe

Ukimpenda mtu, unampekua?

Mama aliniuliza hivyo akiwa ameinama juu ya kreti la nyanya, akitenga zilizopasuka na nzima. Nilikuwa na shahada na maoni juu ya kila kitu, kuanzia hesabu za sadaka kanisani hadi sababu ya chifu kujenga choo cha soko mahali pasipofika maji, lakini kwa swali hilo nilitafuta njia ya pembeni. Nilimwambia tu kwamba gari si mtu.

“Gari lina mwenyewe,” akasema. “Na mwenyewe amekula hapa.”

Gari hilo lilikuwa Probox nyeupe. Mwenyewe alikuwa mwanamume aliyeleta mbuzi wa ntheo nyumbani kwetu karibu na Tala, nikiwa nimesimama nyuma ya jiko na leso mpya, nikijifanya sioni. Ukambani mbuzi hao wakishaliwa, msichana amehesabiwa mke hata kama kanisani bado. Niliuliza maswali mengi kuhusu desturi hiyo. Kuhusu yeye niliuliza machache. Alikuwa na kicheko kilichoanzia mabegani, na nilikipenda kuliko nilivyopenda kuwa sahihi, jambo ambalo halikuwa limenitokea kabla.

Mama alikuwa akinunua nyanya na vitunguu upande wa Kithimani na kuuza Tala. Kila safari alikodi pikapu ya mtu. Siku nyingine dereva alikuja, siku nyingine alipata mzigo wa pesa nzuri zaidi, na nyanya zikabaki juani kando ya barabara. Alikuwa ameweka akiba kwenye chama na ameuza ng'ombe wake wote wawili. Akiba hiyo ikipotea, hakukuwa na nyingine, na alikuwa amefika umri ambao mtu haanzi upya.

Kwa hiyo mkwe aliposema kwamba siku hizi anapanda basi la kampuni kwenda kazini Mavoko, na gari limekaa tu, na badala ya kumuuzia mtu wa barabarani afadhali mama alichukue, mama alishukuru Mungu kwa sauti. Hakuuliza kitu. Asingeweza. Kati ya mama na mume wa bintiye kuna nthoni, heshima inayofanana na aibu: hamkai bega kwa bega, hamli sahani moja, hamzungumzi jambo linaloweza kumvua mwenzako nguo. Mama aliyeweza kubishana na dalali wa vitunguu mpaka dalali akatafuta kivuli hakuweza kumdai kijana huyo hati ya umiliki wa gari, amwambie, “Lete logbook niione.”

Mimi ningeweza.

“Hii hapa,” mchumba wangu akasema nilipomwomba, akanionyesha picha kwenye simu.

“Hiyo ni picha. Yenyewe iko wapi?”

“Kwa brother yangu. Nilipohama nyumba niliogopa itapotea.”

“Na kwa brother yako haiwezi kupotea?”

“Wewe na maswali yako,” akasema, mabega yakaanza kucheka. “Siku ya harusi utamuuliza padri kitambulisho.”

Nilicheka pia. Lakini nilimwomba afungue boneti. Nilifuta vumbi kwa kitambaa, nikasoma namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bodi, nikailinganisha na ile ya kwenye picha, tarakimu kwa tarakimu. Zilikuwa sawa. Namba ya injini ilikuwa sawa pia. Niliangalia kama chuma kimesuguliwa au kuchomelewa, nikazunguka kusoma namba ya usajili iliyochorwa kwenye vioo. Alishikilia boneti muda wote kwa subira, kama mtu anayemngoja mtoto amalize kuhesabu vidole vyake.

Kisha niliingia kwenye tovuti ya serikali, nikalipa ada ndogo kwa simu, nikapata rekodi ya gari. Jina lilikuwa lake peke yake, chesisi ile ile. Kwa watu wengi kazi huishia hapo. Mimi nilipanda hadi Machakos mjini, kwenye ofisi ya wapelelezi, nikaomba waangalie kama gari limeripotiwa kuibwa. Afisa aliyenihudumia alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kwaya.

“Muuzaji ni nani?” akauliza.

“Mchumba wangu.”

Aliinua macho taratibu. “Sasa, dada, unanunua gari ama unanunua bwana?”

“Gari. Bwana nilishapewa.”

Alicheka mpaka mwenzake wa dirishani akageuka. Aliangalia, akaniambia gari halina ripoti ya wizi. Nilitoka nikiwa mwepesi. Nilitaka kumpigia simu na kumwambia nimeshindwa, kwamba kwa mara ya kwanza maswali yangu yameisha.

Sijui kwa nini sikupiga. Labda ni kwa sababu niliwahi kufanya mafunzo ya kazi katika idara ya mikopo ya sacco moja, na huko nilifundishwa kwamba rekodi ya magari hukuambia ng'ombe ni wa nani, lakini si kila mara hukuambia kamba imeshikwa na nani. Benki nyingi huandikisha jina lao kwenye logbook pamoja na la mwenye gari, na hapo utaona. Lakini wako wakopeshaji wadogo wanaoshika logbook tu na kuandikisha notisi kwenye sajili nyingine, sajili ya dhamana za mali inayohamishika. Humo unaweza kutafuta kwa namba ya chesisi au kwa kitambulisho cha mtu. Notisi ikiwa humo, anayenunua hawezi kusema baadaye kwamba hakujua. Deni hulifuata gari hadi kwa mnunuzi.

Nilikaa kwenye ngazi ya duka la vitambaa, nikatafuta kwa simu. Notisi ilikuwa humo. Kampuni ya mikopo, chesisi ile ile, jina lake. Mwenye duka aliniomba nisogee mteja apite, nikasogea, akaniomba tena.

Nilimkuta mchumba wangu jioni nyuma ya soko la Tala, ndani ya gari lenyewe. Nilimwambia nilichoona. Hakukana. Aliweka mikono miwili juu ya usukani ingawa gari lilikuwa limesimama.

“Nilikuwa nimekwama,” akasema. “Ni mkopo wa kawaida. Mama akinilipa, siku hiyo hiyo naenda namaliza, logbook inatoka, namfanyia transfer, gari liwe jina lake. Nani ataumia?”

“Na usipomaliza?”

“Kwa nini nisimalize?”

“Sijui. Kwa nini hukusema?”

Alikwangua uchafu kwenye usukani kwa ukucha. Nilimwambia kuna njia. Twende sisi watatu kwa hao wakopeshaji, watupe barua ya kiasi kilichobaki, mama awalipe wao moja kwa moja, wafute notisi kwenye sajili na kutoa logbook, na kinachobaki apewe yeye. Mambo hayo hufanywa kila siku. Gari lingekuwa safi na sisi tungebaki kama tulivyo.

“Mama yako aketi kwenye hiyo ofisi na mimi?” akasema. “Asomewe madeni yangu? Huyo ni muthoni wangu, mama mkwe. Nitaingia kwenu tena na uso gani?”

“Basi nimweleze mimi nyumbani, tulipe bila wewe kuwepo.”

“Ni kitu kimoja. Atajua.” Alinigeukia. “Nakuomba kitu kimoja tu. Nyamaza wiki moja. Niamini wiki moja.”

Nilimwamini. Hilo ndilo lililoniuma, na linaniuma ninapoandika. Niliamini kwamba alikusudia kulipa, na kwamba angetoka kwa mama na pesa mfukoni akinuia kwenda moja kwa moja kwenye ofisi ile. Lakini kati ya Tala na ofisi ile kulikuwa na mambo yaliyomkwamisha mwanzo, ambayo hakunitajia, na pesa zilikuwa za mwanamke aliyekuwa ameuza ng'ombe wake.

“Siwezi,” nikasema.

“Huwezi ama hutaki?”

Nilishuka. Hakuwasha gari mpaka nilipofika kwenye kona.

Mama alikuwa akimenya viazi niliposimulia. Aliendelea kumenya. Nilipomaliza hakuniambia nimefanya vema wala vibaya.

“Amejua kwamba umeniambia?”

“Atajua usiponunua.”

“Basi hawezi kurudi hapa,” akasema, na kisu kikasimama. “Ungekuwa umeniambia ameua mtu, angerudi. Hili hawezi.”

Nilimwambia huo ni upuuzi, watu hukopa, hata maaskofu hukopa. Aliniangalia kwa huruma, nikaona kwamba alikuwa akilia muda huo wote bila kubadilisha sauti.

Mchumba wangu hakurudi. Nilimpigia simu, akazipokea za kwanza, tukaulizana habari za nyumbani kama watu waliokutana kwenye matanga. Mara ya mwisho alisema, “Ulienda mpaka polisi,” akakata. Miezi ilipita. Wajomba zangu wakanunua mbuzi sokoni, wakawapeleka nyumbani kwa kijana kurudisha ntheo na kuvunja uchumba. Mjomba mkubwa alisema walipokelewa kwa chai na hakuna aliyeuliza sababu, wala wao hawakuitoa. Majirani walipouliza, mama alisema hatukuelewana. Hakuongeza neno. Kumtangaza mkwe, hata aliyekuwa mkwe, ni kujivua nguo wewe mwenyewe. Mimi, niliyekuwa sikubaliani na nthoni hata kidogo, nilinyamaza kwa sababu nilidhani kwa kunyamaza namfanyia jambo la mwisho la upendo. Mama aliendelea kukodi pikapu.

Ilipita karibu misimu mitano ya mvua. Siku moja mama hakujisikia vizuri, nikaenda mimi kuchukua vitunguu shambani kwa mwanamke mmoja huko Katangi. Mumewe alikuwa ameketi mlangoni, hakujibu salamu yangu. Mwanamke alipokuwa akifunga magunia aliniomba radhi kwa niaba yake. Alisema mzee hajawa sawa tangu madalali wa mnada walipokuja kuchukua gari lake uani. Alikuwa amelinunua kwa kijana wa dada yake, akalipa yote, akaambiwa transfer itakuja, na ikawa gari lilikuwa rehani. Probox, akasema. Nyeupe.

Nilimuuliza, nikiwa nimeshika mdomo wa gunia, kwa nini hawakulichunguza kabla ya kulipa.

“Wasichana wa siku hizi,” akasema bila ukali. “Mzee alitaka kulichunguza. Lakini huyo mpwa wake alikuwa na mchumba huko Tala, msomi, mtu wa kuuliza mpaka unachoka. Watu walimwona akifungua boneti, na akaenda hadi polisi Machakos. Na hatukuwahi kumsikia akisema lina kasoro.”

Mzee alilipa kwa sababu hiyo.