Magunia Kumi na Moja ya Ziada

Omolo hakupenda kitu kizidi. Kikipungua angalau watu hukubali kuna tatizo. Kikizidi hucheka tu.

Alifika Rongai mwaka wa 1951 kutoka Nyanza, akaajiriwa karani wa stoo katika shamba la ngano na mahindi. Kila aina ya kitu stooni ilikuwa na kadi yake, imetundikwa kwa kamba karibu na kitu chenyewe. Kitu kikiingia au kutoka, Omolo aliandika mstari mmoja papo hapo: tarehe, namba ya vocha, kimetoka kwa nani au kimekwenda kwa nani, vilivyoingia, vilivyotoka, na mwishoni baki. Hakungoja jioni. Alisema jioni kichwa hudanganya.

Jumamosi moja ya Novemba 1956 alihesabu magunia matupu. Kadi ilisema 412. Rundo lilikuwa na 419.

Alihesabu tena. 419.

"Yamezidi saba?" mzungu mwenye shamba aliuliza. "Vizuri. Badilisha kadi."

"Bwana, nikibadilisha bila vocha, kesho nitabadilisha yakipungua pia."

Mzungu aliondoka akicheka. Omolo akavuta kiti, akaanza kupitia kadi kutoka mstari wa kwanza wa mwezi. Alijumlisha, akatoa, akalinganisha kila mstari na vocha yake. Robota la magunia 300 lililotoka Nakuru alikuwa amelihesabu mwenyewe. Hakuna kosa hata moja.

Jumatatu walitoa magunia sitini ya kutilia mahindi. Kadi ikabaki 352, rundo 359. Tofauti ni ileile saba, akajisemea. Basi kosa halikutokea leo. Jumanne hakukutoka wala kuingia kitu. Jioni, kabla ya kufunga, akahesabu: 363.

Akahesabu tena: 363 yaleyale. Magunia manne yalikuwa yameingia yenyewe, mchana, na ufunguo uko mfukoni mwake!

Jumatano asubuhi alilivunja rundo lote, akawa anageuza gunia moja moja kwenye mwanga wa mlangoni. La arobaini na kitu lilikuwa na mshono pembeni, uzi wa katani, mshono mdogo na wa karibu karibu. Akaliweka kando. Alipomaliza, kando palikuwa na magunia kumi na moja. Toa hayo, rundo lilikuwa 352, kama kadi.

Akakumbuka. Septemba panya walitoboa magunia ishirini na mawili. Bwana alitia sahihi yatupwe, Omolo akayatoa kwenye kadi, yakarundikwa nyuma ya stoo. Na mtu pekee aliyeingia stooni mchana, yeye akiwa kwenye mizani nje, alikuwa Jepchumba, mjane aliyefagia.

Alimwita.

"Mama, haya ni yako?"

Jepchumba alishika ufagio kwa mikono miwili. "Si yangu, karani. Ni ya stoo. Mimi nimeyashona tu, nikayarudisha kwao."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unaandika. Kila wakati unaandika." Kisha akasogea. "Hiyo karatasi ilijua?"

"Ilijua kuna kitu. Haikujua ni wewe."

Bwana alipoyaona, alisema magunia ya kushonwa hayafai mahindi ya kuuza, yatabeba pumba za ng'ombe. Omolo akaandika vocha ya kurudishwa, bwana akatia sahihi. Kadi ya zamani haikuguswa. Akafungua mpya, akaandika juu: Magunia ya kushonwa. Mstari wa kwanza: kutoka kwa Jepchumba, yaliyoingia 11, baki 11.

"Jina langu liko wapi?"

Akamwonyesha. Mama akaweka kidole hapo, hakukitoa haraka.

"Na nikileta mengine matatu, utafuta hiyo kumi na moja?"

"Hapana. Sifuti. Nashuka mstari, naandika tatu, baki kumi na nne. Hata nikikosea, nachora mstari mmoja juu ya kosa lisomeke, naandika sahihi kando yake."

"Kwa hiyo kosa pia linakaa?"

"Linakaa."

Jepchumba alicheka, na tangu siku hiyo kila alipomaliza kufagia aliuliza tarakimu moja inavyoandikwa.

Mwaka wa 1958 Omolo alilazwa Nakuru kwa homa, siku kumi na mbili. Aliporudi, miguu bado dhaifu, alikwenda moja kwa moja kwenye ile kadi. Aliiacha na baki 26. Chini yake palikuwa na mistari miwili ya penseli: yameingia 4, baki 30, yametoka 10, baki 20. Vocha zilikuwa zimechomwa kwenye msumari, kwa mpangilio. Mahali pa jina la aliyechukua, kwa kuwa herufi hajazijua, Jepchumba alikuwa amechora ng'ombe mdogo mwenye pembe ndefu.

Omolo aliyahesabu magunia kwa mkono. Ishirini. Kisha akakaa juu yake, akimtazama yule ng'ombe kwa muda mrefu.